Kuacha stoo na pakingi huku unabaki kwenye nyumba: barua yake na tarehe yake

*Salaam wakili. Nimepanga nyumba ghorofa ya pili hapa Tudor, Mombasa, tangu 2021, kodi 22,000. Mwaka 2023 mzee mwenye nyumba akanipa stoo ya chini kwa 4,000 na pakingi ndani ya ua kwa 2,500. Ya stoo na pakingi hatukuandikiana, ila dipoziti ya stoo nilitoa 4,000. Kila mwezi natuma 28,500 kwa M-Pesa, mwisho wake tarehe 5. Gari nimeuza na vyombo vya stoo nampelekea dada yangu, kwa hivyo nataka kuviacha vyote viwili mwisho wa mwezi huu, lakini nyumba nabaki nayo. Leo ni tarehe 9 Machi. Keateka anasema mzee anataka notisi ya miezi mitatu na dipoziti nisiiulize. Barua niiandike vipi?*

Salaam dada. Mwisho wa mwezi huu hutawahi, lakini hiyo miezi mitatu nayo haikuhusu. Ukimfikishia mzee barua kesho tarehe 10, stoo yako inakwisha kisheria tarehe 1 Mei 2026. Maana yake Aprili utailipa kamili kama kawaida, na Mei hutadaiwa ya stoo wala ya pakingi. Mengine yote nitakayokuambia ni ya kuilinda tarehe hiyo isisogezwe.

Mahali ambapo watu hawakuandikiana na kodi inalipwa kila mwezi, Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012, kifungu cha 57, inauhesabu upangaji huo kuwa wa mwezi hadi mwezi. Kila upande unaweza kuumaliza kwa notisi, na notisi yenyewe ina masharti mawili. Kwanza, isiwe fupi kuliko kipindi cha kodi, kwako wewe mwezi mmoja. Pili, ikome kwenye siku ambayo kodi huwa inaiva. Hili la pili ndilo linalowaponyoka wengi. Mtu anaandika tarehe 10 Machi, anahesabu siku thelathini, anafika tarehe 9 Aprili, kisha anataka kulipa nusu ya kwanza ya Aprili tu. Mwenye nyumba akikataa nusu hiyo ana haki, kwa sababu tarehe 9 si siku ya kodi.

Hesabu yako basi ni hii. Siku ya kupokea barua haihesabiwi, na mwezi katika sheria zetu ni mwezi wa kalenda, si siku thelathini. Mzee akipokea tarehe 10 Machi, mwezi unatimia tarehe 10 Aprili. Siku ya kodi inayofuata hapo ni tarehe 1 Mei. Barua hiyo hiyo ingemfikia tarehe 28 Februari, ungetoka tarehe 1 Aprili. Siku kumi za kuchelewa zimekugharimu mwezi mzima, yaani 6,500, na hapo sheria haina huruma. Ila usiache siku nyingine tatu zipite ukidhani hazina neno kwa kuwa mwezi umeshapotea. Barua za namna hii hukawia mlangoni kwa mwenye nyumba, na Aprili nayo itaanza kuhesabika.

Sasa, nimesema tarehe 1 ilhali wewe unalipa mwisho tarehe 5. Siku ya kodi ni ile ambayo kodi inaanza kudaiwa. Zile siku nne tano ambazo mwenye nyumba anakuvumilia hazibadilishi kitu. Fungua taarifa yako ya M-Pesa ya 2023, utafute malipo ya kwanza ya stoo, halafu ukumbuke ufunguo ulipewa lini. Kama ulipewa tarehe 1, au mwishoni mwa mwezi ili uanze mwezi mpya, basi siku ya kodi ni tarehe 1 na tarehe 5 ni uvumilivu tu. Kama uliingia tarehe 5 na kila malipo yalikuwa ya tarehe 5 hadi tarehe 4 ya mwezi unaofuata, siku ya kodi ni tarehe 5, na stoo itakwisha tarehe 5 Mei. Kwa vile nyumba yenyewe umekuwa ukiilipa kwa mwezi wa kalenda tangu 2021 na stoo ikapachikwa juu yake, nina karibu hakika ni tarehe 1.

Lakini usiiache barua yako itegemee uhakika wangu. Mawakili wana sentensi moja ya zamani wanayoitia kwenye notisi za namna hii, na inafanya kazi nzuri. Unataja tarehe unayoiamini, kisha unaongeza kwamba iwapo hiyo si siku ya kodi, notisi itakwisha siku ya kwanza ya kodi inayoangukia baada ya mwezi mmoja kamili tangu barua ilipopokelewa. Bila sentensi hiyo, mtu akikosea siku moja anaweza kuambiwa notisi nzima ni batili, aanze upya. Ukiwa nayo, kosa la tarehe linakusogeza siku chache tu. Utaiona kwenye barua hapo chini, na hata ukibadilisha maneno mengine yote, hiyo usiiondoe.

Ile miezi mitatu ya mzee ingekuwa na nguvu kama mngekubaliana mwanzoni. Hamkukubaliana, na mwenye nyumba hawezi kuongeza sharti siku ya kuagana, tena kwa mdomo wa keateka. Kagua vitu viwili tu kabla hujawa na uhakika kamili. Cha kwanza ni risiti ulizopewa, upande wa nyuma, kwa sababu vitabu vya risiti vingine huwa vimepigwa chapa masharti ambayo hakuna anayeyasoma. Cha pili ni mkataba wa nyumba wa 2021, ikiwa uliusaini. Umesema ya stoo hamkuandikiana, lakini mikataba mingine ya nyumba ina kipengele kinachosema chumba chochote kitakachoongezwa baadaye kitafuata masharti yale yale. Ukikikuta, muda wa notisi ni ule uliotajwa mle.

Niongeze na hili kwa wengine watakaosoma: nimechukulia kwamba stoo yako ni ya vyombo vya nyumbani. Stoo inayotumika kama duka, au mahali pa kutolea huduma kwa malipo, inaingia kwenye sheria nyingine, ile ya wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, Sura 301, yenye baraza lake na notisi isiyopungua miezi miwili. Barua hii isitumike huko.

Jambo linalonitia wasiwasi kwenye kisa chako si miezi mitatu. Ni ile 28,500 unayoituma kwa mkupuo mmoja. Mpangaji hawezi kutoa notisi ya kipande cha alichokipanga. Kama nyumba, stoo na pakingi ni upangaji mmoja, huna njia ya kisheria ya kukata stoo na kubakiza nyumba bila mwenye nyumba kuridhia. Notisi ya kipande haina nguvu. Na ukiiandika vibaya zaidi, kwa mfano “ninatoa notisi ya kuondoka kwenye ploti yako ifikapo tarehe 1 Mei”, umempa mzee karatasi ya kusema umeacha na nyumba. Akiwa ana mtu anayeweza kumpa 28,000 kwa nyumba hiyo, unafikiri ataisomaje?

Kwako wewe ninaamini ni mipango mitatu iliyotenganika. Nyumba ilianza 2021, hivi vingine 2023. Kila kimoja kilitajiwa bei yake. Stoo ilikuwa na dipoziti yake peke yake. Hayo ni mambo ambayo mahakama huyatazama. Upande wa pili kuna malipo ya pamoja, na mzee anaweza kusema kodi ilipanda tu hadi 28,500. Kwa hiyo barua yako itasimulia kwa mistari michache jinsi kila kitu kilivyoanza, na itasema wazi kwamba nyumba haiguswi. Tena tafuta ujumbe wowote wa 2023 ambao mzee alitaja “ya stoo 4,000” au “ya gari 2,500”. Ukiupata, una ushahidi uliotoka kwake mwenyewe.

Pakingi haifanani na stoo kisheria, ingawa unailipia kwa mtu yule yule. Stoo ina mlango, ina kufuli yako, na mwingine haingii bila wewe. Huo ni upangaji. Nafasi ya gari uani, ambapo leo unaegesha karibu na tangi na kesho karibu na geti kutegemea nani alitangulia kurudi, ni ruhusa tu ya kutumia sehemu ya ardhi yake. Kifungu cha 57 kinazungumzia mtu aliyeachiwa mahali akamate peke yake, kwa hivyo ruhusa ya namna hiyo haimo. Inamalizwa kwa notisi ya muda wa kuridhisha. Ukiwa unalipa kwa mwezi, mwezi mmoja hakuna atakayeuita mfupi. Lakini kama nafasi yako ina namba, imechorwa mistari, na una ule mnyororo wa kufunga ambao hakuna mwingine mwenye ufunguo wake, inaanza kufanana na stoo. Huna haja ya kulitatua hilo. Ipe pakingi tarehe ile ile ya stoo, na barua itatosha kwa vyovyote itakavyoitwa.

Kwenye maneno ya barua nina ombi moja: usiombe. Adabu yetu inatusukuma kuandika “naomba kukujulisha kwamba ningependa kuacha stoo ikiwezekana”, na barua ya hivyo si notisi, ni ombi, na ombi hujibiwa “hapana, ngoja miezi mitatu”. Andika “ninakupa notisi” na “nitaacha”. Heshima iweke kwenye salamu na kwenye shukrani. Sababu huna lazima ya kuitaja. Malalamiko ya maji yanayovuja stoo, kama yapo, yaandikie barua nyingine, kwa sababu notisi iliyochanganywa na malalamiko husomeka kama tishio: rekebisha, la sivyo nahama. Akirekebisha, atasema notisi imekufa.

Barua ninayokupendekezea ni hii. Mahali pa nukta jaza mwenyewe, na majina yawe yale yanayoonekana kwenye risiti. Ikiwa risiti zinatoka kwa jina la mumeo, asaini yeye, au msaini wote wawili.

> (Jina lako kamili)
> Nyumba nambari …, ghorofa ya pili, ploti nambari …, Tudor, Mombasa
> Simu: …
>
> 10 Machi 2026
>
> Kwa Mzee …,
> Mwenye ploti nambari …, Tudor, Mombasa
>
> KUH: NOTISI YA KUACHA STOO NA NAFASI YA PAKINGI
>
> Salaam Mzee,
>
> Mimi ni mpangaji wako katika nyumba nambari … tangu 2021, kwa kodi ya shilingi 22,000 kwa mwezi.
>
> Mwezi wa … 2023 ulinipangisha pia stoo iliyo chini ya jengo, mlango wa … kutoka geti, kwa shilingi 4,000 kwa mwezi, na ukaniruhusu kuegesha gari uani kwa shilingi 2,500 kwa mwezi. Mipango hiyo miwili tuliifanya kwa maneno, kando na nyumba, na kwa stoo nililipa dipoziti ya shilingi 4,000 tarehe … . Kwa urahisi nimekuwa nikituma malipo yote matatu pamoja, shilingi 28,500.
>
> Kwa barua hii ninakupa notisi kwamba nitaacha stoo na nafasi ya pakingi, na kwamba mipango yote miwili itakwisha tarehe 1 Mei 2026. Iwapo tarehe hiyo si siku ya kodi ya stoo au ya pakingi, basi notisi hii itakwisha siku ya kwanza ya kodi inayoangukia baada ya kutimia mwezi mmoja kamili tangu ulipoipokea.
>
> Notisi hii haihusu nyumba nambari … . Nitaendelea kuipanga kwa kodi na masharti yale yale.
>
> Kodi ya Aprili nitailipa kamili, shilingi 28,500. Kuanzia Mei nitalipa ya nyumba peke yake, shilingi 22,000.
>
> Stoo nitaikabidhi ikiwa tupu na imefagiwa siku ya Alhamisi tarehe 30 Aprili 2026, saa kumi jioni, pamoja na funguo … za mlango na rimoti ya geti. Ninakukaribisha wewe au mtu utakayemtuma kwa maandishi tuikague pamoja. Dipoziti ya shilingi 4,000 ninatarajia uirejeshe kwa nambari yangu ya simu hapo juu ndani ya siku 14 baada ya makabidhiano. Ukiona kuna cha kukata, niandikie ni nini na ni kiasi gani.
>
> Ukipata mtu wa kuchukua stoo au pakingi kabla ya tarehe hiyo, niko tayari kuiacha mapema na kulipia hadi siku nitakayoitoa, tukikubaliana kwa maandishi.
>
> Nashukuru kwa jinsi tulivyokaa vizuri.
>
> Sahihi: …
>
> *Nimepokea barua hii. Jina: … Sahihi: … Tarehe na saa: …*

Makabidhiano nimeyaweka tarehe 30 Aprili kwa makusudi. Tarehe 1 Mei ni Sikukuu ya Wafanyakazi, na mwenye nyumba asiyetaka kupokea funguo hatakosa safari siku hiyo. Zaidi ya hapo, kodi yako hulipwa mwanzoni mwa mwezi, kwa hivyo ukiamka tarehe 1 bado una kabati mle ndani, umeshamfungulia mlango wa kudai Mei. Maliza kuhamisha wikendi ya tarehe 25, uwe na siku za kufagia.

Ile aya ya kuacha mapema ndiyo njia pekee ya kuokoa sehemu ya Aprili. Stoo za 4,000 Tudor hazikai wazi muda mrefu, na mzee akipata mtu tarehe 8 Aprili huenda akafurahi kukuachilia. Akikubali, aandike, hata kama ni mstari mmoja wa WhatsApp wenye tarehe. Usimpe funguo kwa neno la “sawa, nenda tu” kisha Mei uanze kubishana.

Chapisha nakala mbili. Moja unamwachia, ya pili anakusainia kwenye mstari wa mwisho na unarudi nayo. Mstari huo ndio unaoanzisha hesabu yako, kwa hivyo tarehe aiandike yeye kwa mkono wake. Umpelekee nani? Mwenyewe mzee, au ajenti kama kuna ajenti ambaye kodi inaingia kwake. Keateka mpe nakala ya kumjulisha lakini usimtegemee, maana kazi yake ni geti na tangi la maji, na siku ya mgogoro mzee atasema hakumtuma kupokea barua. Na hayo uliyomwambia tayari hayahesabiki kuwa notisi.

Akikataa kusaini, usigombane naye. Iache barua mbele yake au kwa mtu mzima wa nyumbani kwake, ukiwa na shahidi asiye ndugu yako, na shahidi aandike nyuma ya nakala yako saa, mahali na nani alikabidhiwa. Kisha siku hiyo hiyo itume nyingine kwa rejista ya posta na uihifadhi ile stakabadhi. Rejista inaweza kuchukua siku kadhaa kumfikia. Kwako wewe hazitakuumiza, kwa sababu hata akiipokea tarehe 25 Machi mwezi unatimia kabla ya tarehe 1 Mei. Hapo utaona kwa nini nilikuambia usingoje.

Picha ya barua mtumie kwa WhatsApp pia, na zile tiki mbili zikiingia uzihifadhi. Iwe nyongeza tu. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka ushahidi wa kielektroniki uambatane na cheti kinachoeleza ulitolewa kwenye kifaa gani na kwa namna gani, na nimeona watu wakifika na picha za skrini tupu na kuambiwa warudi. Karatasi yenye sahihi haihitaji hayo yote.

Dipoziti sasa. Kishawishi kikubwa ni kusema, “Aprili kata kwenye dipoziti, tumalizane.” Usifanye hivyo bila yeye kuandika kwamba amekubali. Dipoziti haigeuki kuwa kodi kwa uamuzi wako mwenyewe. Ukiacha kulipa ya stoo mwezi wa Aprili unakuwa na deni la kodi, na deni la kodi lina dawa kali. Chini ya Sura 293, sheria ya kukamata mali kwa deni la kodi, mwenye nyumba anaweza kumtuma dalali mwenye leseni akamate vyombo vilivyomo ili vifidie. Ni 4,000 tu, lakini gharama za dalali huongezwa juu, na atakuwa amekukuta katikati ya kuhama, makochi yako mlangoni. Lipa Aprili yote, mapema, na uhifadhi ule ujumbe wa M-Pesa. Ukiwa huna deni, mzee hana ruhusa ya kuzuia vyombo vyako wala kutia kufuli yake juu ya yako.

Kuna pia kubana kwa upande wake. Anachoweza kukata kwenye dipoziti ni deni au uharibifu, kama mlango uliovunjwa, si rangi iliyochakaa kwa miaka mitatu ya vumbi. Ndiyo maana tunataka mkague pamoja. Ingia stoo ikiwa tupu, piga picha kuta nne, sakafu, dari na kitasa, kisha video moja fupi inayoanza ndani na kuishia nje ukifunga mlango. Maji ya chumvi ya Mombasa hula bawaba za chuma hata hujazigusa, kwa hivyo bawaba zipige picha ya karibu. Halafu andikeni karatasi ndogo: stoo imepokewa tupu, funguo kadhaa, rimoti moja, tarehe na saa, sahihi mbili. Asipotokea, mpigie picha funguo juu ya nakala ya barua, mpelekee ajenti au nyumbani kwake mbele ya yule shahidi, na umtumie ujumbe kumwambia zilipo. Funguo usibaki nazo hata moja. Mtu aliyeshika ufunguo wa akiba na magunia mawili kwenye kona bado anaitumia stoo, na stoo inayotumika inadaiwa kodi.

Siku 14 zikipita bila dipoziti, mwandikie tena barua fupi, umpe siku saba, na uambatanishe karatasi ya makabidhiano. Baada ya hapo kuna mahakama ya madai madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Unaweza kwenda bila wakili, na dai lako unaliandika kama pesa zako zilizobaki mkononi mwa mwingine. Kwa 4,000 sikushauri ukimbilie huko. Unabaki kuwa mpangaji wa mzee huyo huyo ghorofa ya pili, na mara nyingi wenye nyumba hukubali dipoziti ikatwe kwenye kodi ya nyumba ya mwezi unaofuata. Akikubali hivyo, aandike “Mei utalipa 18,000, dipoziti ya stoo imemalizika”, na mambo yenu yameisha bila mtu kukunja uso.

Mwezi wa Mei angalia kidole chako kwenye M-Pesa. Umezoea kutuma 28,500, na huenda nambari hiyo inajiandika yenyewe. Ukiituma kwa mazoea na mzee akaipokea, anaweza kusema mlifuta notisi na kuendelea kama zamani, na kwa kuwa pesa ilitoka kwako itakuwa kazi kumbishia. Tuma 22,000, kisha mtumie ujumbe: “Kodi ya nyumba, Mei 2026.” Fanya hivyo na Juni. Akikurudishia au akikuambia imepungua 6,500, mjibu kwa picha ya ile nakala aliyoisaini.